Herufi 80 za mkulima wa mahindi

Vijana wawili waliomaliza chuo Morogoro waliniletea kazi ambayo waliiita ndogo. Walikuwa wametengeneza aplikesheni ya ushauri wa kilimo, imekamilika, picha zimepangwa, na walibakiza kujaza maelezo ya kuiweka Play Store. Walitaka nirekebishe Kiswahili cha mstari mmoja mfupi na aya ya kwanza ya maelezo marefu. Nilidhani ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua karibu wiki mbili, na kabla hatujamaliza tulilazimika kuuliza maswali kuhusu mvua, wadudu, na kile ambacho aplikesheni yenyewe ilikuwa inakijua na kisichokijua.

Nianze na jinsi ukurasa huo unavyojengwa. Mtu anayepeleka aplikesheni yake Play Store huingia sehemu ya kazi iitwayo Play Console, na huko hukuta vyumba vitatu vya maneno. Cha kwanza ni jina, ambalo tangu mwaka 2021 halitakiwi kuzidi herufi 30. Cha pili ni maelezo mafupi, herufi 80. Cha tatu ni maelezo marefu, herufi 4,000. Kila nafasi kati ya neno na neno inahesabiwa kama herufi, na nukta na mkato pia zinahesabiwa. Ukizidisha hata moja, chumba kinakuwa chekundu na hakipokei.

Kati ya vyumba hivyo, cha pili ndicho chenye uzito kuliko ukubwa wake. Mkulima akifungua ukurasa wa aplikesheni kwenye simu, anaona jina, nyota, kitufe cha Sakinisha, picha za skrini, na chini yake, penye maneno Kuhusu programu hii, anaona yale maelezo mafupi peke yake. Maelezo marefu yamefichwa nyuma ya mshale. Lazima aubonyeze ndipo yafunguke. Akifungua ukurasa huo huo kwenye kompyuta, mambo yanabadilika kidogo: huko mistari ya mwanzo ya maelezo marefu ndiyo inayotangulia kuonekana, kisha inakatwa. Kwa hiyo sentensi moja ya herufi 80 ndiyo inayosimama mlangoni kwa watu wengi, na aya ya kwanza ndiyo inayompokea yule aliyejali kuingia.

Sasa sikilizeni sentensi waliyokuja nayo vijana wangu:

"Aplikesheni bora kabisa ya kilimo cha kisasa kwa wakulima wote wa Afrika Mashariki"

Ina herufi 82. Play Console iliikataa, na shida yao kubwa ilikuwa namna ya kupunguza mbili. Mimi niliwauliza jambo jingine: mkulima akishasoma hii, amejua nini? Hajui kama ni ya mahindi au ya kahawa. Hajui kama itamwambia bei ya gunia au namna ya kupalilia. Neno "bora" halimwambii lolote, na kwenye jina la aplikesheni Google hairuhusu kabisa maneno ya kujitangaza kuwa namba moja. Kwenye maelezo mafupi nako inashauri yaepukwe.

Kesho yake walirudi na sentensi ya pili, wakiwa na furaha, kwa sababu safari hii ilijaa chumba bila kuzidi hata herufi moja:

"Mahindi, mpunga, nyanya, kuku, mbuzi, hali ya hewa, bei za soko na mengine mengi"

Hesabuni wenyewe, ni 80 kamili. Na angalau ilitaja vitu. Hapo ndipo nilipowaomba simu, nikaifungua aplikesheni yenyewe. Sehemu ya mahindi ilikuwa imeshiba: kurasa za mbegu, za kupanda, za mbolea, za wadudu, na picha zaidi ya hamsini. Mpunga ulikuwa na kurasa mbili. Kuku alikuwa na ukurasa mmoja unaosema achanjwe. Bei za soko zilikuwa za miezi mitano iliyopita. Nikawaambia kwamba mama mwenye banda la kuku Turiani ataona neno kuku, atatumia bando lake kupakua, atafungua, na atakuta ukurasa mmoja. Ataifuta siku hiyo hiyo, na kama ana uchungu kama nilionao mimi nikidanganywa, ataacha nyota moja na maneno mawili ya hasira. Walinyamaza. Mmoja akasema polepole, "Kwa hiyo sisi ni watu wa mahindi." Nikamjibu kwamba hilo ndilo jambo la kwanza kuandikwa.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa rahisi kuieleza ingawa haikuwa rahisi kuifanya. Sentensi fupi ya aplikesheni ya kilimo inatakiwa ijibu maswali matatu ambayo mkulima yuko nayo tayari kichwani. Ni zao gani? Itanisaidia katika uamuzi gani? Nitaitumiaje huku shambani ambako simu yangu haishiki vizuri? Tuliandika, tukafuta, tukaandika, tukafika hapa:

"Ushauri wa mahindi: lini upande, mbolea kiasi gani, mdudu gani. Bila intaneti."

Ni herufi 78. Nafasi mbili zimebaki, na tuliziacha zibaki. Sentensi haina sifa hata moja ya kujisifu. Imetaja zao kwenye neno la tatu. Halafu imeweka maswali matatu kwa namna mkulima anavyoyauliza akiwa dirishani kwa muuza pembejeo: hasemi "usimamizi wa rutuba", anasema "mbolea kiasi gani".

Neno la mwisho lilitugombanisha. Vijana walitaka "Bila bando", kwa kuwa ndivyo wanavyosema wao, na lingeokoa herufi tatu. Mimi nilikuwa nimependa "Bila mtandao". Tulikwenda kwenye duka la pembejeo karibu na stendi, tukawa tunamwonyesha kila aliyeingia kununua, tukimwomba asome kwa sauti kisha atuambie kitu hiki kitamfanyia nini. Mzee mmoja alisoma "bila bando" akauliza kama ni bando la dakika. Mama mmoja alisoma "bila mtandao" akasema, "Aah, kama M-Pesa ikigoma, mtandao uko chini." Kwake neno mtandao lilikuwa huduma iliyokwama. "Intaneti" ilieleweka kwa wote waliosoma, na ingeeleweka pia kwa msomaji wa Kitale ambaye bando analiita kwa jina jingine.

Play Console ina njia yake ya kujaribu maneno: unaweka sentensi mbili au tatu, wageni wanagawanywa, na baada ya muda unaambiwa ipi ilivutia watu wengi kusakinisha. Njia hiyo ni nzuri kwa aplikesheni yenye wageni maelfu. Yenye wageni thelathini kwa wiki itasubiri miezi bila jibu la kuaminika. Zaidi ya hapo, jaribio hilo linapima waliobonyeza kitufe. Halipimi walioelewa. Dukani tulipata kusikia mtu anavyokosea, na hilo ndilo lililotusaidia.

Nirudi kwenye maneno "mdudu gani", kwa sababu tuliyachagua baada ya kuangukia shimo. Toleo moja lililotangulia lilisema "Tambua viwavijeshi". Lilionekana zuri: neno moja, linajulikana, na mtu akiwa na shida atalitafuta. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili neno hilo limebeba wadudu wawili. Kuna viwavijeshi wa miaka yote, wale wanaotokea ghafla kwa wingi na kutembea kama kikosi kutoka malishoni hadi kwenye mahindi, mtama na mpunga. Hao ndio waliopewa jina. Halafu kuna viwavijeshi vamizi, waliotoka bara la Amerika, wakathibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na ndani ya mwaka mmoja hivi wakawa wamefika kwetu. Huyu wa pili hatembei kwa kikosi. Anaingia katikati ya mmea, pale majani machanga yanapochipukia, na kujificha humo.

Tofauti hiyo inagusa mfuko. Anayewaza kikosi atakagua mpakani mwa shamba, upande wa malisho, na asipoona kundi atadhani amesalimika. Kumbe mdudu yumo ndani ya kila mche wa tano, anatafuna. Dalili za vamizi ni majani yenye madirisha meupe mwanzoni, kisha matundu makubwa yaliyochanika, na uchafu wenye unyevu unaofanana na unga wa mbao katikati ya mmea. Ukimtoa na kumwangalia, kichwani ana alama iliyokaa kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Akiwa mdogo, dawa na hata kumponda kwa vidole vinafaa. Akishakuwa mkubwa na kujizika ndani huku uchafu wake ukiziba mlango, dawa haimfikii vizuri.

Herufi 80 haziwezi kubeba yote hayo. Ndiyo maana tuliacha kumtaja mdudu kwa jina kwenye sentensi fupi, tukaandika swali lenyewe, "mdudu gani", na jina kamili tukalipeleka kwenye maelezo marefu. Google husoma maneno ya jina, ya maelezo mafupi na ya maelezo marefu inapotafuta cha kumwonyesha mtu. Kwa hiyo neno likikaa kwenye maelezo marefu halijapotea. Huko chini tuliandika "viwavijeshi vamizi" mara moja na "viwavi jeshi" mara moja, maana watu huandika kwa namna zote mbili. Kulirudia neno mara ishirini ili kuvuta utafutaji ni kosa ambalo kanuni zao zinalitaja waziwazi, na aplikesheni inaweza kuondolewa kwa ajili yake.

Hapa pia ndipo ilipo sababu ya kuandika Kiswahili kwa mkono wako. Ukurasa wa aplikesheni unaweza kuandikwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Wengi huandika Kiingereza tu, wakitegemea mashine itafsiri. Jina la Kiingereza la kiwavi huyu limebeba neno la majira ya majani kupukutika kule Marekani, na neno hilo hilo lina maana ya kuanguka. Likitafsiriwa neno kwa neno, mkulima wa Kilosa anasomewa habari za "minyoo ya jeshi la kuanguka". Hatajua kwamba wanazungumza habari za mdudu aliye shambani mwake.

Aya ya kwanza ya maelezo marefu ilikuwa na ugomvi wa namna nyingine. Ya vijana ilianza hivi: "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Katika dunia ya leo ya teknolojia..." Ilikwenda hivyo mistari sita kabla ya kutaja chochote kilichomo. Mkulima aliyebonyeza mshale anajua kilimo ni nini. Alibonyeza kwa sababu sentensi fupi ilimwahidi "lini upande", na sasa anataka kujua kama ahadi hiyo inamhusu yeye, alipo.

Na hilo ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu "lini upande" haina jibu moja kwa nchi nzima. Mikoa kama Iringa, Njombe na Mbeya hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Tanga, Kilimanjaro na pwani ya kaskazini wana vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Morogoro yenyewe imegawanyika: Mamlaka ya Hali ya Hewa huiweka kaskazini mwa mkoa kwenye kundi la vuli na masika, na kusini mwake kwenye kundi la msimu mmoja. Watu wawili wa mkoa mmoja, mmoja Mvomero na mwingine Ulanga, wakisoma tarehe moja ya kupanda, mmoja wao atatupa mbegu kwenye vumbi.

Nikawauliza vijana kalenda yao ya kupanda imetengenezwa kwa maeneo gani. Ikabainika wameifanya kwa wilaya za Morogoro, Iringa na Njombe tu, wilaya kwa wilaya, kwa uangalifu mkubwa. Kazi nzuri, na walikuwa wameificha nyuma ya maneno "wakulima wote". Tuliandika upya:

"Unalima mahindi Morogoro, Iringa au Njombe? Chagua wilaya yako uone wiki za kupanda, mbegu zinazofaa na kiasi cha mbolea kwa ekari. Ukiona majani yametobolewa, linganisha na picha ujue kama ni viwavijeshi vamizi au funza wa mabua, na cha kufanya siku hiyo hiyo. Picha zinapakuliwa mara moja, MB 38. Baada ya hapo huhitaji intaneti. Hakuna bei za soko, na mazao mengine hayamo."

Sentensi ya kwanza inamfukuza mtu wa Tanga. Vijana waliumia kuiandika, nami naielewa hofu yao, kwani kila anayepakua anahesabiwa. Lakini mtu wa Tanga akifuata kalenda ya Njombe atapoteza msimu, na msimu haurudishwi kama bando. Afadhali aone mlangoni kwamba bado hajafikiwa.

Sentensi ya MB 38 nayo ilitoka kwenye ukweli usiopendeza. Maneno "Bila intaneti" yalikuwa kweli nusu: maandishi yalikuwemo ndani ya aplikesheni, lakini picha za wadudu zilikuwa zinavutwa kutoka mbali kila ukurasa unapofunguliwa. Niliwahi kushawishika na aplikesheni nyingine ya aina hii, iliyoahidi kufanya kazi popote. Nilipofika shambani kwa dada yangu, bondeni kusikoshika, picha zote zikawa vibanda vya kijivu vyenye duara linalozunguka. Tulikuwa tumemshika mdudu kwenye kiganja, na hatukuwa na cha kumlinganisha naye. Kwa hiyo niliwakatalia vijana kuandika neno hilo mpaka wabadilishe aplikesheni. Walikaa siku nne, wakapunguza ukubwa wa picha, wakaweka kitufe kimoja cha kuzishusha zote mara moja. Ndiyo sababu kubwa kazi ya sentensi moja ilimaliza wiki mbili: mara mbili tulikuta ni rahisi zaidi, na ni haki zaidi, kurekebisha kilichomo kuliko kutafuta neno la kukifunika.

Kilibaki chanzo cha ushauri. Walikuwa wametumia miongozo ya TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, na walitaka kuitaja mwanzoni kabisa ili waaminike. Kuitaja ni vizuri, mkulima ana haki ya kujua nani anasema. Ila TARI ni taasisi ya serikali, na Google inataka aplikesheni inayotoa taarifa za serikali iweke kiungo cha chanzo hicho na iseme waziwazi kwamba yenyewe haiwakilishi serikali. Bila hivyo inaweza kuzuiliwa kwa madai ya kupotosha. Tuliweka mistari miwili chini ya aya ya kwanza: miongozo ilikotoka pamoja na kiungo, mwezi na mwaka ilipopitiwa mara ya mwisho, na kwamba watengenezaji ni watu binafsi. Kuhusu dawa za wadudu, tuliandika kwamba mtu ahakikishe dawa imesajiliwa na asome kibandiko kabla ya kuchanganya, kwa kuwa orodha ya dawa zilizosajiliwa hubadilika na aplikesheni isiyopata intaneti haiwezi kulijua badiliko la jana.

Siku ya kuipeleka tulirudi kwenye lile duka la pembejeo. Mwenye duka alisoma sentensi fupi, akabonyeza mshale, akasoma hadi "mazao mengine hayamo". Akainua macho. "Mimi shamba langu liko Gairo," akasema, "Gairo imo?" Kijana mmoja akafungua orodha ya wilaya akamwonyesha. Imo. Mzee akatoa simu yake mfukoni, akafuta kioo kwenye shati, akauliza kama zile MB 38 zinaweza kushushwa pale pale dukani kabla hajapanda basi.